Kivuli cha saa sita kamili na dira vinapishana nyuzi 22. Nani mkosaji?

Mchora_Mstari:
Habari wakuu. Naomba msaada wa mwenye uelewa wa mambo ya jua na saa. Nataka kuchora mstari wa kaskazini-kusini kwenye sakafu ya saruji, uwe msingi wa saa ya kivuli. Mahali penyewe ni longitudo 36 mashariki, latitudo 3 kusini, na saa tunayotumia ni ya Afrika Mashariki (UTC+3).

Tarehe 3 Novemba nimesimamisha fimbo ya mita moja, saa ya simu ilipogonga 6:00 mchana kamili nikaweka alama kwenye ncha ya kivuli, nikachora mstari kutoka shina la fimbo. Kivuli kilikuwa na sentimita 23. Nilipoweka dira, mstari unaelekea karibu nyuzi 22 magharibi mwa kaskazini. Chuma hakuna karibu, na fimbo nimeinyoosha kwa timazi. Sasa kilichokosea ni dira, fimbo au saa? Nilijua saa sita jua liko katikati.

Baharia_wa_Nchi_Kavu:
Mkuu, hapo ni longitudo tu. Saa za Afrika Mashariki zimepimwa kwa longitudo 45, mstari unaopita Somalia na Madagaska. Wewe uko 36, yaani nyuzi 9 magharibi yake. Jua huchukua dakika 4 kwa kila nyuzi moja, basi 9 mara 4 ni dakika 36. Kwako jua linapinduka saa 6:36. Rudia kesho muda huo, mambo yamekwisha.

Timazi:
Baharia, nusu ya kwanza umeipata sawasawa. Jua linatoka mashariki, aliye magharibi analipokea baadaye, ila saa wote wanavaa moja. Eneo la saa likiwa pana, pengo linakuwa kubwa mno. China nzima inafuata longitudo 120, kwa hiyo Kashgar, iliyo karibu na 76, jua linapinduka saa 9 alasiri ikikaribia. Hata umbali mdogo unahesabika: karibu na ikweta, kila kilomita 28 za kwenda magharibi huchelewesha adhuhuri kwa dakika moja.

Lakini akirudia saa 6:36 siku hizi atakosea tena, safari hii kwa upande wa pili. Kosa la kwanza lilikuwa nyuzi 22 magharibi, la pili litakuwa kama nyuzi 18 mashariki. Hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa na kuanza kuilaumu dira.

Sababu ni kwamba jua lenyewe halitembei kwa mwendo mmoja mwaka mzima, na saa ya simu inatembea kwa mwendo mmoja daima. Dunia ikishajizungusha mzunguko mmoja kamili, bado inabidi ijizungushe kidogo zaidi ili ilitazame jua tena, maana katika siku hiyo moja imeshasogea kwenye njia yake. Kidogo hicho ni wastani wa dakika 4, ila hakilingani kila siku. Mwanzoni mwa Januari dunia iko karibu zaidi na jua na inakwenda mbio zaidi. Juu ya hilo, mhimili wake umelala nyuzi 23.4, hivyo kusogea kwa jua kuelekea mashariki kunaongezeka Juni na Desemba na kupungua Machi na Septemba. Mwishoni mwa Desemba sababu zote mbili zinasukuma upande mmoja, na kutoka adhuhuri moja hadi nyingine hupita saa 24 na karibu sekunde 30.

Sekunde hizo zinalimbikizana. Kuanzia tarehe 3 Novemba, jua linapokuwa mbele ya saa kwa dakika 16 na nusu hivi, hadi tarehe 11 Februari, linapokuwa nyuma kwa dakika 14 na ushei, ni siku 100 tu. Katika siku hizo adhuhuri ya mahali pale pale inahama nusu saa nzima.

Kwa hesabu yako Mchora: 6:00, jumlisha 36 za longitudo, toa 16 na sekunde 24 za tarehe 3 Novemba. Unapata saa 6:19 na sekunde 36. Wewe ulichora dakika 20 kabla ya wakati, jua likiwa bado mashariki, ndiyo maana kivuli kikaegemea magharibi. Dira iko sawa, na fimbo iko sawa.

Inveta_Kimya:
Hii imenitatulia jambo. Umeme wa paneli zangu unafika kilele karibu 6:20 mwezi Novemba na 6:50 Februari. Longitudo yangu ni 36 na kidogo. Nilishaandaa kubadilisha saa ya inveta.

Timazi:
Usiiguse. 36 jumlisha 14 ni 50, umesoma vizuri. Ila angalia, kilele cha paneli ni kipimo cha juujuu: wingu moja linakihamisha, na paneli iliyoelekea mashariki kidogo hufika kilele mapema hata saa ikiwa sahihi.

Bi_Mizani:
Mimi swali langu kwa Timazi ni hili: dakika 20 ni nyuzi 5 tu za mzunguko wa jua. Zimewezaje kuzaa kosa la nyuzi 22 kwenye mstari?

Timazi:
Swali zuri sana, Bi Mizani, na jibu lake ndilo linalofanya ukanda wetu uwe mgumu. Tarehe 3 Novemba jua liko nyuzi 15 kusini, na yeye yuko nyuzi 3 kusini. Likipinduka linakuwa nyuzi 12 tu kutoka utosini. Kitu kilicho karibu na utosi kikisogea kidogo, uelekeo wake unageuka sana. Mita moja ya kusogea mbele ya mtu aliye mbali huioni, lakini akiwa amesimama karibu nawe inakulazimu ugeuze shingo. Hata mwezi Juni, jua likiwa mbali zaidi naye, dakika 20 zingempotosha nyuzi 10. Katikati ya Machi na siku za kuingia Oktoba jua linapita utosini kwake, kivuli cha adhuhuri kinatoweka chini ya fimbo, na kazi hii haifanyiki kabisa kwa njia ya adhuhuri.

Ustadh_wa_Ramani:
Kama ni kibla, ndugu yangu, huhitaji kaskazini. Subiri jua liwe juu ya Makka: 28 Mei saa 6:18 mchana, au 16 Julai saa 6:27, kwa saa zetu hizi hizi za UTC+3. Kivuli cha wakati huo, ukikifuata kuelekea kwenye fimbo, kinakupeleka kibla.

Timazi:
Ustadh, yeye anatengeneza saa ya kivuli, lakini mfano wako ni dhahabu. Makka ni ile ile, eneo la saa ni lile lile, jua liko juu yake siku zote mbili, na bado adhuhuri imehama dakika 9. Longitudo haihusiki na dakika hizo hata moja. Ni mwendo wa jua peke yake.

Mchora_Mstari:
Nimeelewa, asanteni. Basi nichore saa 6:19 na nusu? Au nitafute kivuli kifupi kuliko vyote bila kutazama saa?

Timazi:
Kifupi kuliko vyote usikitafute kwa macho. Kivuli chako cha saa 6:00 kilikuwa sentimita 23, cha adhuhuri ni 21 na kidogo. Dakika 20 zimekupa tofauti isiyofika sentimita 2, na ncha yenyewe ina ukungu kwa sababu jua si nukta, lina upana wa nusu nyuzi.

Tumia duara. Juu ya fimbo funga kadi yenye tundu la milimita 5 au 6, upate doa la mwanga badala ya ncha yenye ukungu. Sakafu ipimwe kwa pima maji. Angusha timazi kutoka kwenye tundu lenyewe, si kutoka kwenye fimbo, na hapo inapogusa pawe kitovu cha duara. Chora duara la nusu kipenyo cha sentimita 70. Asubuhi doa liko nje, linaingia polepole. Weka alama linapokata duara. Alasiri linatoka upande wa pili; weka alama tena. Kwa tarehe 3 Novemba ingekuwa karibu saa 4:06 na saa 8:33. Katikati ya nyakati hizo ni 6:19 na nusu, hesabu na kivuli vinashuhudiana.

Mstari unaounganisha alama mbili ni mashariki-magharibi, na kwako utakuwa na urefu wa kama sentimita 130. Usichukue katikati yake ukaunganisha na kitovu, maana hapo pana sentimita 26 tu, na kosa la milimita 2 linakuwa karibu nusu nyuzi. Weka kona ya mraba juu ya ule mstari mrefu kwa pembetatu ya sentimita 60, 80 na 100, kisha urefushe unavyotaka. Weka alama tatu za asubuhi kwenye maduara matatu, ili wingu likifunika moja alasiri usipoteze siku.

Bi_Mizani:
Kwa wanaotaka hesabu ya tarehe yoyote, hii inatosha. `n` ni siku ya mwaka, `E` ni dakika ambazo jua liko mbele ya saa, `Leneo` ni longitudo ya eneo la saa, `Lwewe` ni longitudo yako, na hesabu hukosea chini ya dakika moja:

```
B = 360*(n-81)/365
E = 9.87*sin(2B) - 7.53*cos(B) - 1.5*sin(B)
adhuhuri = 12:00 + 4*(Leneo - Lwewe) - E
```

3 Novemba ni `n = 307`, inatoa `E` 16.4. Pembe ziko kwa nyuzi. Kwenye jedwali la kompyuta `SIN` inataka radiani, tumia `RADIANS()` kwanza, la sivyo utapata namba za ajabu. Longitudo ya magharibi iandikwe hasi.

Baharia_wa_Nchi_Kavu:
Nimekubali, sehemu ya pili sikuijua. Lakini si rahisi zaidi kuchukua saa ya jua kuchomoza na kuzama, ukagawa kati?

Timazi:
Zikitoka kwenye jedwali, ndiyo, utapata adhuhuri ndani ya dakika moja. Ukizitazama kwa macho, kilima kimoja upande wa mashariki kinakuharibia, maana kinachelewesha kuchomoza bila kugusa kuzama.

Mchora_Mstari:
Nitafanya duara. La mwisho: alama ya adhuhuri kwenye saa ya kivuli niandike 6:00 au niilazimishe ifuate simu?

Bi_Mizani:
Ifuate simu. Watu watakuja kulinganisha. Andika kwenye alama ya adhuhuri 6:36, kisha kando bandika jedwali la masahihisho ya kila mwezi.

Timazi:
Mimi naandika 6:00. Ukiandika 6:36, siku zinazoafikiana na simu ni nne tu mwakani, karibu na 15 Aprili, 13 Juni, 1 Septemba na 25 Desemba, na siku nyingine zote jedwali linahitajika vilevile.

Bi_Mizani:
Jedwali la dakika zisizozidi 17 linavumilika. Lako litafika 50 Februari.