Naomba ushauri: melatonini kwa mtoto wa miaka 6, safari ya Minneapolis hadi Dar

Habari zenu ndugu, shikamooni wakubwa.

Tunakuja Dar mwezi wa saba. Tofauti ni saa 8, kwa hiyo saa tatu usiku ya Dar, mwili wa binti yetu utahisi ni saa saba mchana. Safari iliyopita aliamka kila usiku wa manane akitaka kucheza, na wiki ya kwanza yote ikaharibika. Jua la asubuhi na kufupisha usingizi wa mchana vilisaidia kidogo tu.

Daktari wake amekubali melatonini kwa siku chache: nusu miligramu, isizidi moja, dakika 30 hadi 60 kabla ya kulala kwa saa za Dar. Anasema dozi kubwa haiharakishi mwili kuzoea, bali huongeza usingizi wa asubuhi. Tatizo, pipi za melatonini zinazouzwa huku nyingi zina miligramu 5, na kwa kuwa ni virutubisho, vipimo vimeonyesha kilichomo mara nyingi hakilingani na lebo. Kukata pipi vipande kumi siamini kabisa.

Wazazi mliowahi kuitumia, na wafamasia mliomo: kwa nusu miligramu, ya matone ni bora au kidonge cha miligramu 1 kinachogawanyika? Na akiamka saa nane usiku, mlifanyaje? Kumwongezea nyingine naogopa itamlaza hadi mchana.

Natanguliza shukrani.