MREJESHO: Bonasi ya Desemba, tumelipwa (si wote)

Swali langu lilikuwa: "Wakuu, ghala ninalofanyia kazi hapa Tabora limetulipa bonasi ya mshahara wa mwezi mmoja kila Desemba kwa miaka saba. Mwaka huu bosi anasema haimo kwenye mkataba. Tunaweza kudai?"

Asanteni sana. Aliyeniambia niachane na mkataba nitafute slipu za mshahara, Mungu akubariki. Mama watoto alikuwa amezifungia vitumbua baadhi, nyingine nikazipata kwa wenzangu. Zote saba zilionyesha kitu kimoja: mshahara kamili, kwa kila mwajiriwa wa kudumu, hata mwaka ule tumbaku ilipododa. Hakuna barua hata moja iliyosema ni hiari. Hoja ikawa kwamba malipo ya namna hiyo yameshakuwa desturi ya kazi, kwa hiyo ni sehemu ya mkataba ingawa hayakuandikwa.

Tulijaza fomu ya CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, ndani ya zile siku 60 mlizonikumbusha. Kwenye usuluhishi mwajiri alikubali kulipa kwa awamu mbili. Ya kwanza imeingia.

Vibarua wa msimu wamekosa. Wao mwaka huu walipewa elfu ishirini, mwaka ule mchele kilo tano, mwaka mwingine hakuna kitu. Desturi ya kuonyesha haikuwepo, iliniuma.

Sasa imeletwa barua tusaini kwamba bonasi ijayo ni "kwa hiari ya mwajiri". Mimi bado sijasaini.