Ushauri: nataka kusajiliwa kuwa mtaalamu wa TAM, ripoti nimezifanya lakini jina langu halionekani

Mwana_Chumbageni: Habari za jioni wakuu. Niko Tanga mjini, nina digrii ya sayansi ya mazingira na miaka minne nimefanya kazi kwa konsalta mmoja, tathmini za athari kwa mazingira tu, vituo vya mafuta, machimbo ya kokoto, na kiwanda kimoja cha mkonge. Sasa nataka niombe usajili wangu mwenyewe NEMC. Kabla sijatuma nilimpa kaka mmoja aliyesajiliwa apitie faili langu, akafungua ripoti zote tatu akaniuliza "wewe uko wapi humu?" Na kweli, kwenye ukurasa wa timu wamesaini wengine, mimi nipo kwenye shukrani tu, mstari mmoja. Nyingi niliandika mimi usiku kucha, inaniuma sana. Nifanyeje?

Bandarini88: Pole mkuu. Hapo unaanza kama mtaalamu msaidizi, ukishakaa ndo unapanda kuwa mtaalamu kiongozi, msaidizi hawamsumbui na ripoti.

Mama_Tathmini: Bandarini, hiyo ya kiongozi na msaidizi ni ya Kenya, kule ndo wanasajili hivyo. Huku asome kanuni zetu za usajili wa wataalamu wa mazingira, toleo linalotumika sasa, na fomu yenyewe, asichukue miaka ya uzoefu kwenye picha za wasap.

Ila umegusa kweli kwamba kuna mtu anayeongoza na kuna anayefanya sehemu yake. Mdogo wangu, usidai ripoti nzima. Dai sura uliyofanya kisha uithibitishe. Kwenye ripoti ya kituo cha mafuta ulifanya nini hasa?

Mwana_Chumbageni: Shikamoo dada. Muheza hiyo. Nilifanya mahojiano na wananchi na hali ya mazingira ya eneo, visima, kelele, nyumba za jirani. Na baada ya kikao cha kamati ya kitaalamu nilijibu hoja zao mimi.

Mama_Tathmini: Marahaba. Basi una ushahidi mzuri kuliko unavyodhani. Fungua viambatisho, zile fomu za saini za wadau, kama mkutano wa kijiji uliuendesha wewe jina lako lipo pale juu kwa mwandiko wako. Daftari lako la saiti unalo? Jedwali la majibu ya hoja za kamati, tafuta imeili uliyolituma nayo, ina tarehe. Halafu mwombe aliyesaini kama kiongozi wa timu akuandikie barua itaje jina la mradi, mwaka, sura ulizoandika na siku ulizokaa saiti. Barua ya "alikuwa mfanyakazi hodari" haisaidii chochote.

La pili, chagua ripoti inayofuatana yenyewe. Mimi nikipewa ripoti ya kijana naanza na kitu kimoja nakifuata hadi mwisho. Umesema kuna visima. Tuseme kisima cha jirani kiko mita 35 kutoka litakapochimbiwa tangi. Kwenye hali ya mazingira umekiandika, sawa. Je, kwenye jedwali la athari kuna mafuta kuvuja kwenda kwenye maji ya ardhini? Kwenye mpango wa usimamizi kuna tangi la kuta mbili, nani anapima maji ya kisima, kila baada ya muda gani, kwa shilingi ngapi? Ripoti nyingi kisima kinatajwa sura ya nne halafu kinapotea, mpango mzima unaongelea vumbi na kupanda miti. Ukituma hiyo kama sampo umejionyesha wewe hukuelewa ulichokiona kwa macho yako.

Kokoto_Tu: Naongezea, angalia kopi na pesti. Nimewahi kusoma ripoti ya machimbo ya huku kwetu Tanga, katikati ikasema maji ya mvua yataelekea Mto Wami!! Msomaji akiona hivyo anakuwa na wasiwasi hata na vipimo vya kelele.

Pangani_Beach: Mkuu samahani, mimi nina kigesti changu Pangani naongeza vyumba karibu na maji, huwezi kunifanyia ripoti wewe kwa bei ya chini?

Mama_Tathmini: Pangani, hajasajiliwa, sheria ya 2004 inataka ifanywe na waliosajiliwa. Na pima kwanza mita 60 kutoka ufukweni kabla hujamwaga zege. Chumbageni, usikubali kazi za hivyo halafu asaini mtu mwingine ambaye hakukanyaga saiti, utaanza vibaya.

Mwana_Chumbageni: Nimefungua sasa hivi, fomu za saini jina langu lipo, kurasa tano! Kisima kwenye jedwali la athari kipo, kwenye mpango gharama hakuna. Shida ni barua, tuliachana vibaya na bosi, simu hapokei.

Kokoto_Tu: Kwenye timu si walisaini wengine pia? Mwombe yule wa maji au wa jamii uliyekuwa naye saiti.

Mama_Tathmini: Inaweza kusaidia, ila sina uhakika kama itatosha bila barua ya kiongozi. Piga NEMC uulize hilo moja. Na ripoti ni mali ya mteja, mwombe ruhusa kwa maandishi kabla hujaiambatisha.

Mwana_Chumbageni: Mwenye kituo namjua, Jumatatu naenda Muheza.