Asidi heksanoiki kutoka 1-bromobutani: esta ya maloniki au sianidi?

Mchanganyaji: Ninayo 1-bromobutani na ninahitaji asidi heksanoiki. Ninasita kati ya dietili malonati, yaani esta ya asidi maloniki, na sianidi ya sodiamu. Aidha, sielewi kwa nini joto huondoa kundi moja la kaboksili na kuliacha la pili.

Kibatari: Tumia sianidi, kwa kuwa hatua zake ni chache. Kuhusu joto, jibu ni rahisi: kaboni dioksaidi ni gesi, na ikishatoka hairudi.

Mzee wa Maabara: Ndugu Kibatari, sianidi huongeza kaboni moja tu, kwa hiyo mwenzetu angeishia na asidi pentanoiki, achilia mbali sumu yake. Malonati huongeza kaboni mbili. Hoja ya gesi ni kweli nusu: asidi asetiki nayo ingeweza kutoa gesi hiyo, lakini huchemka kwenye nyuzi 118 na kubaki ilivyo. Siri ni kwamba katika asidi butilimaloniki, ambayo hupatikana malonati ikishapokea butili na kuondolewa ethili zake, makundi mawili ya kaboksili yameshikwa na kaboni ileile, hivyo haidrojeni ya kundi moja huifikia oksijeni ya kabonili ya jirani na kufanya duara la atomi sita. Ukipasha moto hadi nyuzi 150 hivi, haidrojeni huhama, kifungo cha kaboni kwa kaboni hukatika, na kinachobaki ni enoli, umbo lisilotulia lenye kifungo maradufu cha kaboni, ambayo hugeuka mara moja kuwa asidi heksanoiki. Kundi lililosalia halina tena jirani wa kuipokea haidrojeni yake, basi hutulia.

Asha_K: Mimi niliipasha moto esta yenyewe hadi nyuzi 180, na maji ya chokaa, ambayo hugeuka meupe yakipata kaboni dioksaidi, hayakuwa meupe hata kidogo. Je, malonati yangu ilikuwa mbovu?

Mzee wa Maabara: Hapana, dada. Esta haina haidrojeni ya kuhama, kwa maana nafasi yake imeshikwa na ethili. Ichemshe kwanza na haidroksaidi ya sodiamu, uitie asidi, ndipo upashe moto. Maji ya chokaa yatageuka meupe.

Mchanganyaji: Nimeelewa. Nimepanga gramu 2.3 za sodiamu katika ethanoli kavu, gramu 16 za malonati na gramu 13.7 za bromobutani, yaani moli 0.1 ya kila kimoja.

Mzee wa Maabara: Ongeza malonati iwe gramu 20. Esta iliyokwisha kupokea butili bado ina haidrojeni moja inayong'oka, nayo inaweza kupokea butili ya pili.

Kibatari: Hapo sikubaliani nawe, mzee, maana malonati ni ghali. Mimi hudondosha bromobutani polepole na hutumia vipimo sawa.

Mzee wa Maabara: Kudondosha husaidia mwanzoni, lakini mwishoni malonati huwa imepungua na esta ya butili imejaa. Ya ziada hukenekwa kwa urahisi, kwa kuwa huchemka kwenye nyuzi 199, na ya butili kwenye 235 hivi.

Kibatari: Nitajaribu zote mbili, kisha nitaleta vipimo.