Mahamri 120 ya Jumamosi: nitie chumvi au niache?

BiTui
Asalaam alaikum wapendwa. Nimepata oda ya mahamri 120 ya maulidi, Jumamosi asubuhi, na nimekwama. Kwetu tumekanda miaka yote bila chumvi: sukari, iliki, tui na hamira basi. Jirani yangu yeye hutia chumvi kidogo, na kusema kweli mahamri yake yana ladha kunishinda. Mama mkwe naye ashikilia kuwa chumvi huzuia unga kuumuka. Njia ninazozipima ni tatu: niache kama nilivyozoea, nitie chumvi laini kwenye unga, au niyeyushe chumvi ya mawe kwenye tui. Mwanichagulia ipi?

Makadara_Jikoni
Waalaikum salaam. Dada, hujatwambia unga ni kilo ngapi, sukari kiasi gani, hamira ni ipi na unaitiaje. Na hiyo "kidogo" ya jirani ni kidogo ya vidole au ya kijiko? Hapo ndipo penye jibu.

ZaitunK
Mie nina presha, daktari amenikataza chumvi. Kwenye maandazi siweki kabisa na watoto wanakula. Acha tu.

Makadara_Jikoni
Pole Bi Zaitun, lakini yeye auliza habari ya ladha na kuumuka.

UmmuRayyan
Msikilize mama mkwe wako. Yalinikuta mwaka jana, nikiwa na wageni wa kufuturu. Nilisoma mahali kuwa chumvi huongeza ladha, nikachukua kikombe cha maji ya vuguvugu, nikatia hamira, sukari na kijiko kizima cha chumvi ya mawe ili vyote viyeyuke pamoja. Nikaenda kuswali adhuhuri, nikapitia kuanua nguo, nikarudi. Kikombe kimya, hakuna povu hata tone, hamira imelala chini kama tope. Nikajipa moyo kuwa itaamkia kwenye unga. Nikakanda kilo mbili, nikafunika, nikangoja saa moja, saa mbili, saa tatu. Donge lilikuwa vilevile nilivyoliacha, baridi na zito. Magharibi inakaribia, nikasukuma hivyohivyo na kukaanga. Yalitoka bapa, hayakufura hata moja, ukilivunja ndani limeshikana kama chapati mbichi. Wageni walikula kwa adabu. Tangu siku ile chumvi haiingii kwenye unga wangu wa hamira. Chumvi huua hamira, na huo ndio ushahidi wangu.

Mwokaji_Mstaafu
Pole sana dada UmmuRayyan. Lililokuangusha ni kikombe, wala si chumvi yenyewe. Chumvi huvuta maji. Ukiimwaga nyingi kwenye maji machache pamoja na hamira, huivuta hamira maji yake ya ndani mpaka inyong'onyee. Kijiko hichohicho kikitawanyika kwenye kilo mbili za unga, hamira ingeumuka bila shida, ila taratibu zaidi.

Nimefanya kazi ya tanuri Dar es Salaam miaka mingi. Mkate wa kawaida tulikuwa tukitia gramu 18 hadi 20 za chumvi kwa kila kilo ya unga, na uliumuka kila alfajiri. Mahamri ni mambo mengine, kwa sababu sukari nayo huvuta maji vilevile. Ukiwa na gramu 200 za sukari kwa kilo, hamira tayari imebebeshwa mzigo. Ndiyo maana unga mtamu hupewa chumvi pungufu: mimi hutia gramu 5 kwa kilo, yaani kijiko kimoja cha chai cha chumvi laini kilichosawazishwa.

BiTui, tupe vipimo vyako.

BiTui
Samahani, nilisahau. Unga kilo 3 maana kilo moja hunitolea kama 40. Sukari gramu 600. Hamira ni ile ya chengachenga ya pakiti, huichanganya kavu na unga. Nipo Mombasa na jiko langu lina joto. Jirani huchota chumvi kwa vidole vitatu, lakini yeye hukanda nusu kilo ya nyumbani.

Mwokaji_Mstaafu
Basi vidole vitatu kwenye kilo 3 hutavionja kamwe. Kwako ni gramu 15, vijiko vitatu vya chai. Koroga chumvi na unga mkavu kwanza, kisha sukari na iliki, mwisho hamira, ndipo umimine tui.

Na kwa joto hilo, kukosa chumvi kuna hasara nyingine. Unga usio na chumvi huumuka mbio, huwa laini wa kunata, na ukichelewa hushuka. Utaujua: ukiugusa kwa kidole unazama, hauinuki tena, na una harufu ya togwa iliyopitiliza. Chumvi huukaza unga na kukupa muda wa kusukuma madonge yote kabla la mwisho halijachoka. Ikizidi, unga huwa mgumu na kila ukiusukuma hurudi nyuma.

NdiziNaNazi
Mimi ni wa keki, sina habari na hamira. Keki ya ndizi bila chumvi naiona chapwa, tamu lakini haina kitu. Ila nilipoanza kutumia majarini yenye chumvi nikiongeza na yangu, ilikolea mno. Someni kwenye kopo kwanza.

Makadara_Jikoni
Kwenye mahamri majarini ya nini? Tui zito latosha. Tena la kukuna, si la kopo.

Kijana_Temeke
Huku kwetu maandazi bila mafuta kidogo hukauka kufikia mchana. Tui la kopo nalo halina ubaya, nani ataketi kukuna nazi za kilo 3?

Makadara_Jikoni
Anayetaka mahamri ndiye atakayekuna.

UmmuRayyan
Turudi kwenye chumvi. Kaka Mwokaji, hata ukisema kikombe, mimi bado ningeitia mwisho kabisa, unga ukishakandwa nusu. Roho yangu haitulii ikigusana na hamira.

Mwokaji_Mstaafu
Wapo waokaji wanaofanya hivyo, unga wao ukianza kuvutika ndipo wanaitia. Si kosa. Ila iwe laini, kwa sababu chumvi ya mawe ikiingia kipindi hicho haiyeyuki, na mtu atatafuna punje. Ya mawe iyeyushe kwenye tui, na uipime kwa mizani. Kijiko chake si sawa na cha laini, kwa kuwa punje huacha nafasi katikati.

BiTui
Nimejaribu leo. Robo kilo mara mbili, kila kitu sawa, moja nimetia robo ya kijiko cha chai cha chumvi laini. Lisilo na chumvi lilifika maradufu kwa dakika 50, lenye chumvi kwa saa moja na robo hivi, na lilikuwa rahisi kusukuma, halikunata kibaoni. Yote yamefura. Nikawapa bila kuwaambia. Mume wangu haoni tofauti. Mama mkwe kayala yenye chumvi, akasema iliki imetoka vizuri lakini sukari nimezidisha, na sukari ni ileile!

NdiziNaNazi
Ndivyo ilivyo kwenye keki pia, chumvi kidogo huufanya utamu ujitokeze.

Mwokaji_Mstaafu
Basi ukitia chumvi shusha sukari hadi gramu 500, na hamira itafanya kazi kwa wepesi zaidi.

Makadara_Jikoni
Wa maulidi watataka tamu, asishushe! Mahamri na mbaazi huliwa pamoja, mbaazi zenyewe zina chumvi.

BiTui
Hilo la mbaazi sikulifikiria. Mwenye oda hakusema kama kuna mbaazi au ni chai tupu. Ngoja nimpigie.