Sauti za mchezo mdogo: jsfxr au kurekodi kwa mdomo?

kobe_mbio
Wakuu, natengeneza mchezo wa simu kwa Godot 4. Kobe anaruka, anaokota maembe, na mawe yanamwangukia. Nahitaji sauti nne: kuruka, kuokota, kobe kuumia na jiwe kutua. Sitaki kupakua sauti za watu. Ipi inafaa zaidi, jsfxr au kurekodi mdomo kwa simu kisha kuhariri kwa Audacity?

mzee_wa_vitufe
jsfxr kwa zote nne, mkuu. Inafunguka kwenye kivinjari, unabonyeza `Jump` au `Pickup/coin` mpaka upate inayokukaa sikioni, na sauti zote zitafanana tabia kwa sababu zimetoka chombo kimoja. Ukimaliza zigeuze ziwe MP3 ili mchezo usiwe mzito.

fundi_mawimbi
Hapo kwenye kufanana tabia nakuunga mkono, ila MP3 hapana. Kuibana sauti hivyo huongeza kimya kifupi mwanzoni mwa faili, na kwenye kuruka mchezaji anahisi kitufe kimechelewa. Uzito nao si tatizo: WAV ya mkondo mmoja, biti 16, hezi 44100, yenye urefu wa sekunde 0.3, ni kama kilobaiti 26 tu.

Kobe_mbio, mimi ningegawa kazi. Kuruka na kuokota ziache jsfxr, maana ni sauti ambazo hazipo duniani na hakuna atakayezilinganisha na kitu. Ya kuruka punguza `Sustain time` na `Decay time` mpaka yote iishe ndani ya robo sekunde, kwa kuwa itasikika mara nyingi kuliko nyingine zote. Hifadhi na mpangilio wenyewe, si WAV peke yake, la sivyo hutaweza kurudi kuirekebisha.

Jiwe ndilo la kurekodi, kwa sababu `Explosion` ya jsfxr inatoa mvumo wa redio isiyoshika stesheni, haina uzito wa kitu kigumu. Shika simu shubiri moja kutoka mdomoni, ikae pembeni ya shavu ili pumzi isiipige maikrofoni, useme "puh" fupi kutoka kifuani. Kwenye Audacity kata kimya cha mwanzo, pitisha `High-Pass Filter` kwenye hezi 100 kuondoa mvumo wa upepo, ndipo upunguze kasi hadi nusu. Sauti inashuka okteva moja na urefu unakuwa maradufu. Ukipunguza kasi kwanza, mvumo nao unashuka pamoja na sauti, na kichujio hicho cha hezi 100 kitakata hata uzito wa jiwe lenyewe.

Kushusha hivyo kunafifisha pia ncha za juu, jiwe linasikika kama gunia la mahindi. Kwa hiyo rekodi mkondo wa pili, "k-tsh", usiupunguze kasi, uulaze juu ya ule wa kwanza kwa sauti ya chini kidogo. Hizo ndizo kokoto.

mama_herufi
Mimi wangu ni mchezo wa watoto kujifunza herufi, nilirekodi ndani ya kabati la nguo na mwangwi ukaisha kabisa. Ila kwa kobe kuongea, si bora utafute mtoto asome maneno yake?

kobe_mbio
Asante dada, kobe haongei, ni sauti za matukio tu. Kabati nitalijaribu.

Fundi, nimefuata hatua zako. Kwenye hedifoni jiwe ni zito vizuri, kwenye spika ya simu karibu halisikiki. Na kuna "tk" mwishoni mwa faili.

fundi_mawimbi
Spika ya simu ni ndogo, sauti nzito hazitoki. Usiongeze sauti ya "puh", itapasuka tu. Pandisha zile kokoto, ndizo sikio litakazozitumia kutambua jiwe. Hiyo "tk" ni kwa sababu umekata wimbi likiwa juu au chini ya mstari wa katikati, likaruka ghafla hadi sifuri. Chagua milisekunde 10 za mwisho, weka `Fade Out`.

Na jiwe likianguka mara kumi kwa sauti ileile linachosha, kwa hiyo badilisha kimo cha sauti kila linapotua:

```
$Jiwe.pitch_scale = randf_range(0.9, 1.1)
$Jiwe.play()
```

mzee_wa_vitufe
MP3 nimekuelewa. Ila kuchanganya bado sikubali. Kobe kuumia utaiweka upande gani? Ikiwa ya mdomo itapishana na kuruka, na zote mbili zinatoka kwa kobe yuleyule.

fundi_mawimbi
Hoja hiyo ina nguvu. Ningeanza na `Hit/hurt` ya jsfxr, nilaze "ah" ya mdomo iliyopandishwa semitoni 5 kwa `Change Pitch`. Ikipandishwa zaidi inaanza kufanana na kifaranga.

kobe_mbio
Nitatengeneza zote mbili, ya jsfxr tupu na ya mchanganyiko, niziweke hapa mzisikilize kwenye spika ya simu, si hedifoni.