Tupeane uzoefu: imeli iliyokatwa mkia, uliigunduaje?

Mwana_Mikindani: Wakuu, salaam. Leo hapa Chikongola kijana wa ofisi ya jirani kagombana na mteja kwenye simu: "Hukuniandikia hivyo!" Kumbe aliandikiwa, ila chini kabisa, pale ambapo Gmail ilikuwa imeshakata. Nani yamemkuta? Mligunduaje?

Mama_Ligula: Yamenikuta. Tarehe ya mwisho ya kurudisha fomu ilikuwa huko huko mafichoni.

Babu_Nachingwea: Hiyo ni akaunti imejaa. Futeni picha.

Mwana_Mikindani: Shikamoo babu. Ikijaa huwa hupokei kabisa. Hii imefika, ila inaonekana nusu.

Dada_Mizigo: Acha niseme, maana hili lilinitoa machozi. Msimu wa korosho, mimi ndiye niliyekuwa napokea imeli kwenye kampuni ya malori. Kampuni moja ikatutumia ratiba ya kupakia ghalani Masasi, jedwali refu lililonakiliwa kutoka Excel na kubandikwa ndani ya imeli. Juu waliandika "magari 120". Nikashuka, nikaona magari yetu na saa zake, nikawapigia madereva. Chini ya jedwali kulikuwa na aya moja: kila gari lije na hati halisi, nakala haipokelewi. Sikuiona, haikuwepo kwenye skrini. Madereva watatu wakafika na nakala, wakalala getini. Bosi ananiuliza kwa nini sikusoma, nami nimeshaisoma mara mbili! Jioni mhasibu ndiye akasema, "Dada, mbona orodha imeishia namba 114?"

Mzee_wa_Lindi: Huo ni uvivu tu. Mtu makini angehesabu.

Dada_Mizigo: Mzee wangu, kwa heshima zote, wewe huwa unahesabu mistari ya kila imeli?

Mama_Ligula: Mwacheni dada wa watu. Aliyetuma ndiye aliyebandika gazeti zima.

Kijana_Newala: Sababu ni viambatanisho. Ukiambatisha picha nzito, inakata.

Fundi_Shangani: Hapana, kijana, ila umekaribia. Uzito ndio sababu, lakini si wa picha wala kiambatanisho. Gmail inapima msimbo wa HTML wa maandishi yenyewe, na ukipita takriban KB 102 inakata. Piga hesabu ya jedwali la dada: safu wima 6 kwa mistari 120 ni seli 720. Excel huisindikiza kila seli na maelezo ya rangi, mpaka na fonti. Tuseme kila seli inabeba herufi 150, hapo umeshafika 108,000, na kikomo, yaani zile KB 102, ni kama herufi 104,000. Maandishi unayoyasoma wewe ni machache, uzito uko kwenye mapambo. Ndiyo maana ikakatika karibu na mwisho, na jedwali likaonekana kama limeisha salama.

Dada_Mizigo: Haswa! Lingekatikia katikati ya sentensi ningeshtuka.

Fundi_Shangani: Shuka mpaka chini kabisa. Kuna maneno madogo "[Message clipped]" na kando yake kiungo "View entire message". Shida ni kwamba viambatanisho vinakaa chini yake, jicho linarukia faili. Ukibonyeza kiungo, imeli nzima inafunguka peke yake. Na kwenye kompyuta ukitafuta neno kwa Ctrl+F kabla ya kubonyeza, huwezi kulipata lililokatwa, kwa sababu bado halijaletwa kwenye ukurasa. Wengi hapo huapa kwamba halikuandikwa.

Kijana_Newala: Na vile vidoti vitatu?

Fundi_Shangani: Hivyo ni kitu kingine. Vinaficha maneno yaliyojirudia kutoka imeli za nyuma, hata kama imeli ni fupi. Vibonyeze pia, maana mtu akijibu ndani ya maandishi ya zamani, jibu lake linaweza kulala humo.

Mama_Ligula: Mimi huangalia sahihi. Mtu anayeweka jina na namba ya simu kila siku, leo hana hata "ahsante"? Nashuka kutafuta kiungo.

Mzee_wa_Lindi: Wengine hawaweki sahihi kabisa. Hapo utajuaje?

Mama_Ligula: Basi mpigie simu, mzee.

Mwana_Mikindani: Sisi tumewaomba wanaotutumia waandike MWISHO mstari wa mwisho. Usipouona, haijaisha.

Kijana_Newala: Bora jedwali liambatishwe kama faili, masharti yakae juu.

Mama_Ligula: Faili kwenye simu yangu halifunguki. Bandikeni tu.

Fundi_Shangani: Basi mligawe imeli mbili.

Mzee_wa_Lindi: Dada, zile siku madereva walizolala getini, nani alilipa?

Dada_Mizigo: Bado tunavutana. Wao wanasema walituma, bosi anasema haikuonekana. Na madereva wanadai posho yao kwangu.